Usugu wa TB huanza kabla ya dawa kumezwa

MFUGAJI wa Kalemng'orok, kwenye barabara ya Kitale kwenda Lodwar, anapoanza matibabu ya kifua kikuu (TB) huonywa kama wagonjwa wa kwingineko: akikatiza dawa, vijidudu vitazizoea. Onyo hilo lina haki yake, ila neno "kuzoea" linapotosha. Vijidudu havijifunzi kwa dawa. Vile vinavyoihimili huwamo kifuani hata kabla ya kidonge cha kwanza kumezwa.

Hoja hiyo ilithibitishwa mwaka 1943 na wanasayansi wawili waliokuwa Marekani, Salvador Luria, mzaliwa wa Italia, na Max Delbrück, mzaliwa wa Ujerumani. Hawakutumia dawa bali virusi vinavyoua bakteria wa utumbo. Kila mara walipovimwaga juu ya mamilioni ya bakteria, wachache walinusurika, na vizazi vyao pia vikanusurika. Swali likawa: je, wachache hao waligeuka baada ya kukutana na adui, au walikuwa wameshageuka?

Luria aliotesha bakteria katika vichupa vingi vidogo, kila kimoja kikianza na bakteria wachache tu, kisha akakitia kila kichupa kwenye sahani yenye virusi. Kama ni virusi vinavyosababisha mageuko, kila bakteria ana nafasi ileile ndogo ya kugeuka pale sahanini, hivyo hesabu za sahani zote zingekaribiana. Lakini kama mageuko hutokea kwa nasibu wakati bakteria wanazaliana, wakati wenyewe ndio unaoamua. Anayegeuka vizazi saba kabla ya mwisho huacha wajukuu 128. Anayegeuka mwishoni kabisa huwa peke yake.

Katika jaribio moja la vichupa 20, vichupa 11 havikuwa na sugu hata mmoja. Vingine vilikuwa na mmoja, watatu au watano. Kimoja kilikuwa na 64 na kingine 107. Je, huenda ni makosa ya kuhesabu? Hapana, kwani sampuli kumi zilizochotwa katika chupa moja kubwa zilikaribiana, zote zikiwa kati ya 13 na 26. Tofauti hizo kubwa zilitokana na historia ya kila kichupa kabla ya virusi kufika. Ukame nao huwaua ng'ombe na kuwaacha ngamia, lakini haujawahi kumgeuza ng'ombe kuwa ngamia.

Kuhusu dawa zenyewe, Joshua na Esther Lederberg walionyesha mwaka 1952 kwamba bakteria wanaohimili streptomaisini wanaweza kupatikana katika makundi ambayo hayajawahi kuigusa dawa hiyo.

Mwaka 1970 mtafiti Hugo David alitumia hesabu ya Luria na Delbrück kwa vijidudu vya TB. Usugu dhidi ya aisoniazidi ulijitokeza takriban mara moja katika migawanyiko milioni 40, na dhidi ya rifampisini mara moja katika zaidi ya bilioni 4. Shimo moja kubwa katika pafu la mgonjwa linaweza kuwa na vijidudu milioni 100. Kwa hiyo wanaohimili aisoniazidi huenda wamo tayari, na ikitumiwa peke yake itawaua wenzao na kuwaachia nafasi. Kijidudu kimoja kuhimili dawa zote mbili kwa bahati tu ni jambo la nadra mno.

Hii ndiyo sababu mgonjwa hupewa dawa nne pamoja mwanzoni: aisoniazidi, rifampisini, pirazinamidi na ethambutoli. Utaratibu wa miezi sita ulipewa msingi na utafiti uliochapishwa mwaka 1972, uliohusisha wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia.

Sasa mfugaji wetu amepona kikohozi mwezi wa pili na kuyafuata mifugo. Vijidudu vilivyobaki huzaliana tena, na kila mgawanyiko ni bahati nasibu mpya. Hatari huwa kubwa zaidi akirudia aina moja tu ya vidonge; ndiyo maana siku hizi dawa hizo huunganishwa katika kidonge kimoja.

Jaribio la 1943 lina mipaka yake. Liliwapima wale tu waliogeuka kabla ya muuaji kufika, kwani waliobaki walikufa upesi. Inajulikana sasa kwamba baadhi ya dawa, kama za jamii ya siprofloksasini, huvuruga chembe za urithi na kuongeza kasi ya mageuko. Hata hivyo, haziyaelekezi mageuko hayo kwenye usugu. Yanabaki ya nasibu.

Usugu ukishaenea, husafiri kwa hewa. Mkazi wa kambi ya Kakuma ambaye hajawahi kumeza dawa ya TB anaweza kuambukizwa TB iliyo sugu tayari, na hapo kipimo cha makohozi kinachotafuta usugu huhitajika kabla ya kuamua apewe dawa gani.