Kadi Saba na Jirani wa Dawati

Tangu wafugaji walipoondolewa bonde la Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, wengine wakateremka na ng'ombe wao hadi Kilwa na Lindi, si ajabu mwalimu wa pwani kumpokea darasa la kwanza mtoto asiye na Kiswahili hata cha kuombea maji. Tuseme ni binti wa miaka saba, na kwao kinasemwa Kisukuma tu. Mwalimu akimsalimu, anapiga magoti na kuinamisha macho, adabu aliyofunzwa na mama yake. Wenzake wanaangua kicheko. Siku ya tatu anajikojolea darasani, kwa kuwa hajui ruhusa ya kwenda chooni inaombwaje.

Kinachomtesa zaidi wiki hizo za mwanzo si hesabu wala herufi. Ni kutojua kinachofuata. Kengele inalia, watoto 80 wanainuka kwa kishindo, naye hajui kama wanakwenda kunywa uji, kurudi nyumbani au kuchapwa. Hapo ndipo ratiba ya picha inapomfaa.

Boksi tupu la biskuti linatosha. Mwalimu analikata kadi saba za ukubwa wa daftari, na kwenye kila moja anachora kitu kimoja: mstarini, kusoma, kuhesabu, kikombe cha uji, mpira, ufagio, njia ya nyumbani. Achore kikombe kilekile cha plastiki kinachotumika shuleni, si bilauri ya kwenye vitabu. Kadi zinabanwa kwa vibanio vya nguo kwenye kamba iliyofungwa usawa wa macho ya mtoto, zikipangwa kutoka kushoto kwenda kulia, mkondo uleule atakaosomea. Kadi ya choo haiingii kwenye mstari huo. Inaning'inia peke yake karibu na mlango, na mtoto yeyote akiigusa amekwisha omba ruhusa.

Kazi yenyewe iko kwenye kugeuza. Kipindi kikiisha, kadi yake inageuzwa chali mbele ya darasa zima, kisha mwalimu anagusa inayofuata na kusema maneno yaleyale kila siku: "Sasa tunakunywa uji." Leo akisema hivyo, kesho akasema "Haya, twendeni tukapate kifungua kinywa," mtoto amesikia mambo mawili tofauti. Nimeona ratiba nzuri, za rangi, zilizobandikwa juu ya ubao mwezi Januari zisiguswe tena hadi vumbi likazifunika. Hizo ni mapambo. Mbaya zaidi ni ile inayodanganya: uji haukupikwa leo, lakini kikombe bado kinaning'inia. Kibanduliwe asubuhi, mtoto akiona.

Picha haiwezi kucheza naye, ndiyo maana anahitaji mwenza. Walimu wengi hukimbilia kumchagua mwanafunzi anayeongoza darasani, na mara nyingi hukosea, kwa sababu huyo ana haraka ya kujibu. Anayefaa ni mtoto mtulivu, msichana kwa msichana ili waweze kwenda chooni pamoja, na ni vizuri wawe wawili wanaopokezana kila wiki. Wapewe kazi tatu tu: kumwonyesha kadi, kufuatana naye bombani, na kumwingiza mchezoni. Rede na kombolela humfunza Kiswahili kuliko mwalimu anavyodhani, maana maneno ya mchezo ni machache na hurudiwa mara mia.

Mwenza si mkalimani wala msemaji wake. Mwenza akianza kujibu kwa niaba yake, au binti akilia siku mwenza asipokuja, ni wakati wa kubadilisha zamu. Kama darasa la nne yupo anayejua Kisukuma, aitwe mtoto anapoumwa au anapokuwa na huzuni. Akiketishwa naye kutwa kutafsiri, binti hatakuwa na sababu ya kusikiliza Kiswahili.

Anaweza kukaa kimya wiki kadhaa, hata miezi. Asilazimishwe kusimama na kusema. Mwalimu atazame macho yake kengele inapolia: akiangalia kamba kabla ya kuangalia wenzake, anafuata. Mama naye aulizwe kama nyumbani anaongea. Asiyeongea hata Kisukuma apelekwe kupimwa masikio, kwani hapo tatizo huenda si lugha.

Darasa nalo lijifunze kidogo kutoka kwake. "Wangaluka" ya asubuhi na "minzi", yaani maji, hazichukui dakika mbili, na waliomcheka magoti wataanza kumwomba neno jingine. Mara nyingi neno lake la kwanza la Kiswahili kwa sauti hutoka wakati kitu kimeharibika: mwalimu amesahau kugeuza kadi, na binti anaondoka mahali pake, anakwenda kwenye kamba, anaigeuza mwenyewe na kusema, "Uji."