Somo Fupi Katika Simu: Kwa Nini Maandishi Hufifia Mwanzoni?

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliniletea daftari lake la fizikia. Alikuwa amejifunza mwendo kwa kutazama somo la dakika tatu katika simu, na kanuni aliyoinakili ilisomeka hivi: s = ut + ½at. Ile 2 ndogo inayopaswa kukaa juu ya t haikuwapo. Nilipolitazama somo lenyewe niliona kwamba mwalimu alikuwa ameiandika kanuni sawasawa ubaoni. Lakini aliiandika katika sekunde za mwanzo, na wakati huo picha ilikuwa imefifia kiasi kwamba ile 2 ilionekana kama doa la chaki. Baadaye picha ilitakata, ila mwalimu alikuwa amekwisha kufuta ubao.

Kosa hilo halikutokana na uzembe wa mwanafunzi wala wa mwalimu. Lilitokana na namna masomo ya aina hii yanavyosafirishwa, nayo ndiyo tunayokusudia kuieleza katika makala haya.

Jinsi somo linavyokatwa

Somo linalotazamwa huku likiwasili kwa mtandao halitumwi kama kitu kimoja kizima. Kwanza hutayarishwa nakala kadhaa zenye viwango tofauti vya ubora, kisha kila nakala hukatwa vipande vya sekunde chache. Mfumo wa HLS, uliotolewa na kampuni ya Apple mwaka 2009, hufanya kazi hivyo. Na mfumo wa DASH, uliochapishwa kama kiwango cha kimataifa mwaka 2012, hufuata wazo hilo hilo. Simu hupokea kwanza orodha ya nakala zilizopo, mfano huu:

```
#EXTM3U
#EXT-X-STREAM-INF:BANDWIDTH=200000,RESOLUTION=426x240
chini/orodha.m3u8
#EXT-X-STREAM-INF:BANDWIDTH=450000,RESOLUTION=640x360
kati/orodha.m3u8
#EXT-X-STREAM-INF:BANDWIDTH=900000,RESOLUTION=854x480
juu/orodha.m3u8
```

Nambari ya kwanza katika kila maelezo ni kiasi cha juu cha biti zinazohitajika kwa sekunde. Zinazofuata ni upana na kimo cha picha. Kwa kuwa nakala zote zimekatwa mahali pamoja, simu inaweza kuchukua kipande cha kwanza katika kiwango cha chini, na cha pili katika kiwango cha kati, bila mtazamaji kuona mkato. Tena ni muhimu kutambua kwamba anayechagua ni simu yenyewe. Kompyuta inayohifadhi masomo hutoa tu kipande kilichoombwa.

Akiba ya sekunde

Simu huchaguaje? Hupima muda ambao kipande kilichopita kilitumia kuwasili, na hutazama ni sekunde ngapi za somo zimekwisha kufika lakini hazijaonyeshwa. Sekunde hizo tuziite akiba. Ni kama maji ya mtungi: tunachota huku tukijaza, na shida huja pale tu mtungi unapokauka.

Tuchukue mfano. Vipande ni vya sekunde 6, mtandao unapitisha kilobiti 600 kwa sekunde, na kwa urahisi wa hesabu tuseme kila kipande kinafikia kiasi kilichotajwa katika orodha. Kipande cha kiwango cha chini kina kilobiti 1,200, kwa hiyo huwasili kwa sekunde 2, na akiba huongezeka kwa sekunde 4. Cha kiwango cha kati kina kilobiti 2,700. Huwasili kwa sekunde 4.5 na kuongeza sekunde 1.5. Cha kiwango cha juu kina kilobiti 5,400, nacho hutumia sekunde 9 kuleta sekunde 6 za somo. Kila kipande cha namna hiyo hupunguza akiba kwa sekunde 3. Aliyeanza na akiba ya sekunde 18 ataimaliza kwa vipande sita, na somo litasimama. Kwa sababu hiyo programu nyingi hazitumii kasi yote iliyopimwa. Zikitumia, tuseme, asilimia 80 yake, yaani kilobiti 480, zitachagua kiwango cha kati na kutulia hapo.

Tatizo la mwanzo

Sasa tunaweza kuelewa kile kilichomfika mwanafunzi wetu. Somo linapofunguliwa simu haijapima chochote, wala haina akiba. Ili somo lianze upesi, programu huanza na kiwango cha chini, na huenda ikachukua vipande vitatu kabla ya kuthubutu kupanda. Katika filamu ya dakika 90 yenye vipande 900, vipande vitatu si kitu. Katika somo la dakika tatu lenye vipande 30, hivyo ni sehemu moja ya kumi ya somo lote. Na kila somo fupi jipya linaweza kuyarudia hayo hayo.

Mtu angeweza kupendekeza vipande vifupi zaidi, ili simu ipande haraka. Vinasaidia, lakini vina gharama. Kila kipande ni lazima kianze na picha iliyo kamili, ambayo ni nzito kuliko zile zinazoeleza mabadiliko tu. Na kila kimoja huhitaji ombi na jibu lake, jambo linalochosha pale ambapo mtandao huchelewa kujibu. Dawa iliyo bora ni programu kukumbuka kasi iliyopimwa katika somo lililotangulia, na kuanzia hapo. Naye mwalimu aandike kwa herufi kubwa, tena aiache kanuni ubaoni mpaka mwisho. Ubao usiotikisika hauhitaji biti nyingi, hivyo kuuonyesha kwa muda mrefu ni gharama ndogo.

Kupakua kwa kutazama baadaye

Njia nyingine ni kulipakua somo zima kabla ya kulitazama. Hapa hakuna akiba ya kulindwa, kwa sababu hakuna anayengoja. Mtandao ukiwa wa polepole somo litachelewa kufika, lakini litafika katika ubora uliochaguliwa, tangu kipande cha kwanza. Kwa viwango vyetu vitatu, somo la dakika tatu lina takriban megabaiti 4.5, 10 na 20. Mwanafunzi anayerudia somo mara tatu kwa kiwango cha kati, bila kulihifadhi, huenda akalipia megabaiti 30. Aliyelipakua hulipia 10 tu.

Hata hivyo neno “limepakuliwa” kwenye kioo cha simu si la kuaminiwa bila kujaribiwa. Pengine vipande vimewekwa katika hifadhi ya muda, ambayo simu huifuta nafasi inapopungua. Pengine sauti ina orodha yake ya pekee, nayo ikasahauliwa, hata picha ikaonekana bila neno kusikika. Au vipande vyote vipo, lakini programu inataka kwanza kuuliza ruhusa kwa njia ya mtandao, na somo halifunguki.

Jaribio lake ni rahisi. Zima mtandao kabisa, funga programu, uifungue upya, kisha rukia katikati ya somo na uliache liende hadi mwisho. Halafu lirudishe mwanzo, na usome tarakimu iliyo ndogo kuliko zote ubaoni. Tulipofanya hivyo na mwanafunzi yule, akiwa amepakua nakala ya kiwango cha kati, alinyamaza kidogo, akachukua kalamu, akaiweka ile 2 juu ya t.