Barua ya Mwenye Nyumba kwa Mpangaji Asiye na Ankara

Katika miji ya Tanzania, mpangaji anayetakiwa na benki kuthibitisha makazi yake mara nyingi hukwama kwa sababu mita ya Luku, yaani umeme wa kulipia kabla ya matumizi, husajiliwa kwa jina la mwenye nyumba, na ankara ya maji vilevile, hivyo mtu anaweza kuishi mahali miaka mingi bila ankara hata moja yenye jina lake. Pengo hilo huzibwa na barua ya uthibitisho wa upangaji, ambayo ni maelezo ya mwenye nyumba kwamba mtu fulani anaishi kwake.

Uzito wa barua hiyo haumo katika sifa za mpangaji, bali katika kulingana kwake na hati nyingine. Tuseme mama mmoja amepanga vyumba viwili Sinza, Dar es Salaam, tangu tarehe 1 Machi 2023, na mwenye nyumba humwita Mama Neema. Barua ikiandikwa kwa jina hilo haitamfaa kitu, kwa kuwa karani wa benki ataisoma huku kitambulisho cha Taifa kikiwa mkononi. Inapaswa kubeba majina yote kama yalivyo kwenye kitambulisho, namba ya nyumba na jina la barabara, mtaa na kata, tarehe aliyohamia, tarehe ya kuandikwa, saini, na namba ya simu ambayo mwenye nyumba huipokea.

Ugumu huongezeka pale nyumba inapokuwa ya urithi na mita ikabaki na jina la marehemu. Hapo msimamizi wa mirathi, yaani aliyeteuliwa na mahakama kusimamia mali ya marehemu, ndiye anayefaa kusaini na kueleza cheo chake. Saini ya dalali aliyetafuta chumba haitoshi, maana yeye si mwenye mali. Iwe ya mwenye nyumba au ya msimamizi, barua hiyo, pamoja na nakala ya mkataba wa pango, hupelekwa kwa afisa mtendaji wa mtaa, ambaye hutoa barua ya utambulisho yenye muhuri, na kwa benki nyingi huo muhuri ndio unaokata shauri.

Wapo wenye nyumba wanaokataa kuandika wakihofia kodi, hofu isiyo na msingi, kwani pato la pango hutozwa kodi kwa mujibu wa sheria, barua iwepo isiwepo.

Barua hiyo huweza kutumika pia katika maombi ya viza, lakini huko ni kiungo kimoja tu, wala haithibitishi kipato. Anayeomba viza ya Uingereza, ikiwa barua yake ni ya Kiswahili, aambatishe tafsiri kamili yenye tarehe, jina, saini na mawasiliano ya mfasiri, pamoja na tamko lake kwamba tafsiri ni sahihi.