Meno Yashtukayo kwa Maji ya Baridi

Wakaao Mgeta, juu katika milima ya Uluguru, waijua baridi ya maji ya alfajiri. Shemeji yangu akaa huko. Siku moja aliniambia, "Shemeji, nikisukutua asubuhi meno yanichoma kama sindano, hata machozi hunitoka. Nikiisha kutema maji, maumivu yakoma mara moja." Nilipomtazama kinywa, nikaona ufizi umerudi nyuma, na mashina ya meno yako wazi, yana rangi ya manjano. Kumbe tangu ujana wake alikuwa akiyasugua kwa nguvu, kwa mswaki mgumu uliochovywa majivu.

Yafaa tujue kwanza jino limejengwaje. Sehemu ya juu imevikwa ganda gumu sana lisilo na hisi. Chini ya ganda pana dentini, nayo ina vijitundu maelfu na maelfu, vyembamba kuliko unywele, viendavyo mpaka kwenye kiini cha jino zilipo neva. Ndani ya vijitundu hivyo mna majimaji. Ufizi ukirudi nyuma, au ganda likilika, midomo ya vijitundu yabaki wazi. Ndipo baridi ikigusa hapo, majimaji husogea ghafula, neva nayo hushtuka.

Mganga wa meno wa Morogoro mjini alimshauri atumie dawa ya meno yenye potasiamu naitreti, sehemu 5 katika 100. Chumvi hii ndiyo wazee waliyoiita shura, iliyotiwa katika baruti. (Lakini mtu asidhani kwamba aweza kusugua meno kwa shura ya dukani au kwa mbolea ya shambani! Hiyo haikutengenezwa kwa kinywa.) Habari ya chumvi hii kutuliza meno ilitangazwa na Milton Hodosh, mganga wa meno wa Amerika, mwaka 1974.

Haizibi vijitundu, kama wengi wadhanivyo. Yasemekana kazi yake ni hii: neva ina potasiamu nyingi ndani yake, na nje yake mna kidogo, na tofauti hiyo ndiyo iifanyayo iwe tayari, kama upinde uliovutwa. Potasiamu ya dawa ikipenya mpaka kwenye kiini na kujikusanya nje ya neva, tofauti hupungua, upinde walegea. Baridi yaja vilevile, majimaji yasogea vilevile, lakini neva haiwezi kupeleka habari.

Basi siku ya tano shemeji alinijia amekasirika. "Dawa hii ni maji matupu!" Nikamwambia angoje, maana njia ni nyembamba, na majimaji ya jino yasukuma kuja nje, na mate huosha dawa kinywani. Potasiamu huingia kidogo kidogo, na ya asubuhi huongezwa na ya jioni. Kwa hiyo nafuu huanza kuonekana baada ya majuma 2 hivi, na wengi huambiwa wangoje majuma 4. Tena ukiiacha, hisi hurudi polepole.

Nikamwuliza aitumiaje. Akasema asugua kwa nguvu, kisha asukutua kwa maji mengi. Hapo palikuwa na kosa. Akanunua mswaki laini, akaweka dawa ya urefu wa pingili ya kidole, akasugua taratibu mara 2 kwa siku, akitema tu bila kusukutua. Tena akaacha kusugua meno mara tu baada ya kula nanasi au chungwa, kwa kuwa ukali wa tunda hulainisha jino. Katika juma la tatu alikunywa maji ya kisima akikunja uso kidogo tu. Katika la nne hakukunja.

Nisifiche, wataalamu hawakubaliani wote. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2006 yalisema ushahidi wa dawa hizi haukuwa na nguvu. Yamfaa mtu aijaribu kwa majuma 4, kisha ahukumu kwa maji yake mwenyewe. Mtoto chini ya miaka 12 asipewe bila shauri la mganga.

Lakini jino moja la nyuma halikutulia. Hilo liliuma kwa chai ya moto, na maumivu yalikaa dakika nyingi hata baada ya chai kumezwa. Usiku lilimwamsha pasipo kuguswa. Maumivu ya vijitundu ni makali na mafupi, yaondoka pamoja na kiyaletacho. Haya hayakuwa hivyo. Nikamhimiza ashuke tena mjini asingoje mwezi mwingine. Mganga akakuta tundu limejificha kati ya meno mawili, uozo umefika kwenye kiini. Akakisafisha, akaliziba jino. Mengine shemeji aendelea kuyasugua kwa dawa yake.