Jua Moja, Rangi Mbili

Chukua picha ya bwana harusi iliyopigwa studio, umkate, umbandike kwenye bustani ya Forodhani, Unguja, jioni jua linapotokea kulia. Kasoro itaonekana mara moja: mandhari ni ya dhahabu, naye amepauka. Wengi humtia unjano mwili mzima, na bado anaonekana kubandikwa. Tatizo ni kwamba mwanga wa nje hauna rangi moja. Jua likiwa chini, miale yake hupita katika hewa nyingi inayotawanya buluu, na joto lake la rangi huweza kushuka hadi kama kelvini 3500. Upande ulio kivulini huangazwa na anga, ambayo huvuka kelvini 7000. Na kadiri namba inavyopanda, ndivyo mwanga unavyozidi ubuluu. Kwa hiyo huwezi kupatanisha rangi kabla ya kujua jua liko wapi.

Mwelekeo husomwa kwenye vivuli. Nguzo ya mita 3 ikiwa na kivuli cha zaidi kidogo ya mita 8 kwenye ardhi tambarare, jua liko kama nyuzi 20 juu ya upeo. Sasa tazama uso. Taa ya studio ikiwa juu kushoto, kivuli cha pua huteremka kuelekea mdomo upande wa kulia. Ukiigeuza picha kama kwenye kioo, mwanga utahamia kulia, lakini vifungo vya koti navyo vitahama, na kivuli cha pua kitaendelea kuteremka, ilhali jua la chini hukilaza shavuni. Hapo tafuta picha nyingine; hakuna rangi itakayoliponya hilo.

Mwelekeo ukikubali, pima rangi kwa kitu cheupe kilichomo kwenye mandhari, kama kanzu ya mpita njia. Usitegemee namba za kelvini, kwa sababu kamera imekwisha kusahihisha weupe kwa namna yake. Tuseme kanzu juani inasomeka R 240, G 215, B 180, na kivulini R 120, G 130, B 150. Tengeneza matabaka mawili ya bwana harusi, moja la kila rangi, yakutane pale nuru inapoishia usoni. Shati lake ndilo shahidi: lisomeke karibu na kanzu, pande zote mbili.

Wapo watakaosema watu hawatambui. Wana hoja: mwaka 2005 Ostrovsky, Cavanagh na Sinha walionyesha kwamba jicho ni dhaifu kugundua vitu vilivyoangazwa kutoka pande tofauti. Lakini udhaifu huo unasamehe kosa dogo la pembe, hausamehe miguu isiyo na kivuli wala shati lenye weupe usiofanana na wowote uliopo. Tena kivuli cha nguzo na cha mtu hupimika kwa rula, na anayechunguza picha hategemei jicho peke yake.