Jiki katika chupa ya maji: jinsi ya kuwakinga watoto nyumbani Arua na Koboko

Katika masoko ya Arua na Koboko, kaskazini magharibi mwa Uganda, si jambo geni kuona dawa ya kung'arisha nguo, maarufu kama jiki, ikiuzwa kwa kipimo kidogo ndani ya chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa au soda. Bei huwa nafuu, lakini mtoto wa miaka miwili huitambua chupa kwa umbo lake, na umbo hilo amezoea kulipeleka kinywani.

Ni vyema jiki ibaki katika chupa yake ya asili. Ikibidi kuihamisha, chagua chombo cha plastiki ambacho hakijawahi kutiwa kinywaji, chenye kifuniko kinachokaza. Andika jina la dawa, nguvu yake, tarehe na neno "SUMU" kwa lugha isomwayo na kila mlezi wa nyumba hiyo, iwe Kilugbara, Kikakwa, Kiswahili au Kiingereza. Jiki hufuta wino, hivyo funika maandishi kwa utepe wa plastiki unaopitisha mwanga. Hata hivyo, lebo humwonya mtu mzima tu. Kinachomkinga mtoto ni kabati lililofungwa, au rafu ya juu asiyoweza kuifikia hata akipanda kiti, mbali na jua na vyakula.

Hatari nyingine ni mchanganyiko unaobaki. Chupa nyingi za jiki zina asilimia 3.5 ya sodiamu hipokloraiti, lakini soma lebo kwanza. Kwa dawa ya nguvu hiyo, mililita 30 katika lita moja ya maji safi na baridi hutoa takriban asilimia 0.1, kiasi kinachotosha kwa sakafu na meza zilizokwisha kusafishwa kwa sabuni. Kwa ndoo ya lita 10, tia mililita 300. Tumia kipimo kisichotumika jikoni. Mchanganyiko huo hupoteza nguvu ndani ya saa 24, kwa hiyo hakuna faida ya kuuweka. Tengeneza wa siku hiyo, kisha mwaga unaosalia. Usichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi wala yenye amonia, kwani hutoa gesi inayodhuru mapafu.

Mtoto akinywa, huenda akatokwa na mate mengi, akakohoa, akatapika au akakataa kumeza. Usimtapishe, kwa sababu dawa itaunguza koo kwa mara ya pili. Msukutue kinywa, na kama yu macho na anameza vizuri, mpe maji kidogo kidogo. Kisha mpeleke mara moja katika kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Arua, pamoja na chupa yenyewe. Chupa isiyo na lebo humlazimu daktari kukisia, naye anahitaji kujua ni dawa gani na ina nguvu kiasi gani.