Saini ya Mwisho Kazini

Makubaliano ya kuachana kazini ni mkataba unaotiwa saini mfanyakazi anapoondoka: mwajiri anatoa kitita cha fedha, naye mfanyakazi anakubali kwamba hamdai tena kitu chochote. Nchini Kenya hati hiyo huwa na kurasa kadhaa, au huwa karatasi moja tu inayoambatana na hundi. Urefu wake hauna maana kubwa. Uzito uko kwenye sentensi inayosema kuwa malipo hayo ni kamili na ya mwisho, na kwamba yanafuta madai yote, yanayojulikana na yasiyojulikana.

Kosa la kawaida ni kuangalia jumla iliyoandikwa chini ya karatasi. Jumla hiyo huchanganya vitu viwili: haki ambazo mfanyakazi angelipwa hata asipotia saini, na bei ya madai anayoyaacha. Tuseme mtunza stoo wa Mombasa anaambiwa kwamba nafasi yake imeondolewa. Amefanya kazi miaka 9 kamili, mshahara wake ni shilingi 60,000 kwa mwezi, na ana siku 14 za likizo ambazo hakuzichukua. Kampuni inampa shilingi 420,000.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inataka anayepunguzwa kazini alipwe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Siku 15 ni nusu mwezi, yaani shilingi 30,000, na kwa miaka 9 zinafika 270,000. Notisi ya mwezi mmoja ni 60,000. Likizo, kwa shilingi 2,000 kwa siku, ni 28,000. Hizo ni 358,000, na zote ni zake tayari. Toa kwenye 420,000, zinabaki 62,000. Anachonunua mwajiri kwa hati hiyo kinagharimu shilingi 62,000, kama mshahara wa mwezi mmoja.

Na anachonunua ni nini? Kwanza kabisa, haki ya kulalamika kwamba kuachishwa kazi hakukuwa halali. Huenda afisa wa leba hakupewa notisi, au nafasi "iliyoondolewa" ilijazwa na mtu mwingine wiki iliyofuata. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba ikiona kosa, inaweza kuamuru fidia ya hadi mishahara 12. Kwa mtunza stoo huyu kilele chake ni 720,000, ingawa majaji mara nyingi hutoa chini ya hapo, na kesi nyingine hushindwa kabisa. Yanafutwa pia madai ya saa za ziada ambazo hazikulipwa na ya ubaguzi, hata kama mhusika hakuwa ameyafikiria siku ya kutia saini. Baadhi ya hati humfunga pia asizungumzie kampuni vibaya wala kutaja kiasi alicholipwa.

Hati zenye kichwa cha "kuachana kwa hiari" zinahitaji jicho la pili. Mtu akikubali kuwa ameondoka kwa ridhaa yake, amekubali pia kwamba hakufukuzwa wala kupunguzwa, na hapo kifungu cha 40 chenyewe kinaondoka mezani.

Je, saini hiyo inaweza kutenguliwa? Mwaka 2013, katika kesi iliyohusu kampuni ya Thomas De La Rue, Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba hati ya aina hiyo peke yake haiizuii mahakama kuchunguza kama mfanyakazi aliachishwa kwa haki. Waliosoma hapo na kuishia hapo walijidanganya. Mwaka 2018, katika kesi ya Coastal Bottlers, mahakama hiyohiyo iliyashikilia makubaliano, na mfanyakazi akashindwa. Kipimo ni kile kile: hati inasema nini hasa, na je, ilitiwa saini kwa hiari? Ulaghai, maelezo ya uongo, vitisho au kutoelewa kilichoandikwa vinaweza kuivunja, lakini mzigo wa kuvithibitisha unamwangukia aliyetia saini. Kujuta baadaye, au kugundua kwamba malipo yalikuwa madogo, hakutoshi.

Kwa hiyo maneno "tia saini leo au usahau hela" yanastahili kuandikwa mahali, pamoja na tarehe na jina la aliyeyasema. Mshahara wa siku zilizokwisha kufanyiwa kazi hauwezi kufanywa chambo cha saini, wala cheti cha utumishi, ambacho kifungu cha 51 kinamlazimu mwajiri kukitoa. Dai linalotokana na mkataba wa ajira lina muda wa miaka 3 kufikishwa mahakamani, basi siku chache za kumwonyesha wakili au chama cha wafanyakazi karatasi hiyo hazimpotezei mtu haki yake. Kinachoweza kupungua ni zile 62,000, maana mwajiri ana uhuru wa kuliondoa pendekezo lake. Zile 358,000 haziendi popote.